Nikiweka jina la mke wangu kwenye duka jipya, nafuu ya kodi inapotea?

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mtu wa Mombasa, nina miaka 59, na nimeishi Leicester tangu 1996. Biashara yangu ni viungo, mchele na vyakula vya kwetu. Mwaka 2004 nilinunua jengo la duka kwa jina langu peke yangu, na pamoja na gharama zote lilinifikia pauni 170,000. Tarehe 12 Juni 2025 nilitia saini mkataba wa kuliuza. Baada ya kumlipa wakili na dalali zilibaki pauni 450,000. Benki ikachukua 120,000 za mkopo, mkononi nikabaki na 330,000. Kwa sasa nauza kwenye kibanda cha kukodi hadi nipate pahala pangu.

Mhasibu aliniambia nikinunua jengo jingine la biashara sitalipa kodi. Nimeona duka la pauni 300,000. Kwa hesabu yangu zitabaki 30,000 tu, na hizo ndizo zitakazotozwa.

Taabu iko nyumbani. Mke wangu amesimama nami dukani miaka yote hii, na safari hii anataka hati iwe na majina yetu sote wawili. Aliniambia, "Jengo la kwanza lilipouzwa, hata sahihi yangu haikuhitajika." Maneno hayo yamenichoma. Na huku mdogo wangu aliyeko Mombasa amepata godauni Shimanzi, bei yake kama pauni 120,000. Anataka mimi nitoe pesa, hati iwe kwa jina lake kwa kuwa yeye ni raia na mimi nilichukua pasi ya Uingereza. Nusu ataweka bidhaa zake, nusu niwe napakia viungo vyangu kuleta huku. Anasema godauni hilo litanipunguzia kodi.

Mke akisikia habari ya godauni husema, "Lipa kodi ya watu, tulale." Nami sijui hata hiyo kodi ni kiasi gani. Nikimridhisha huyu, yule ataona nimempuuza. Nifanyeje?

Mwenye Duka, Leicester

*

Waaleikum salaam, kaka yangu.

Kabla ya mke na ndugu, tuziangalie hizo 30,000, kwa sababu hesabu yako imeanza pasipo pake. Wewe umehesabu pesa zilizobaki mkononi. Sheria haihesabu hivyo. Nafuu hii imo katika sheria ya Uingereza ya kodi ya faida ya mtaji ya mwaka 1992, kuanzia kifungu cha 152, na inatazama bei mbili tu: uliuza kwa kiasi gani, na umenunua kwa kiasi gani. Mkopo wa benki haumo. Uliuza kwa 450,000. Ukinunua kwa 300,000, machoni pa sheria 150,000 hazikurudi katika biashara, hata kama 120,000 kati ya hizo zilikwenda benki na hukuzishika hata siku moja.

Faida yako ni 450,000 ukitoa 170,000, yaani 280,000. Usiponunua kitu, ndiyo itakayotozwa, ukiondoa 3,000 ambazo kila mtu husamehewa kwa mwaka. Kiwango tangu tarehe 30 Oktoba 2024 ni asilimia 24, na asilimia 18 kwa sehemu itakayoingia kwenye daraja la chini la mapato yako. Nikichukua 24 kwa zote ili tusijidanganye, kodi ni pauni 66,480. Hiyo ndiyo "kodi ya watu" anayoisema mkeo, na nadhani ni haki yake kuijua kwa tarakimu kabla hajasema tena mlipe mlale.

Ukinunua lile duka la 300,000 kwa jina lako, zile 150,000 zitatozwa na 130,000 zilizobaki za faida zitahamia kwenye duka jipya. Kodi ya mwaka huo inashuka hadi pauni 35,280. Ni nafuu kubwa, lakini iko mbali sana na ulichotarajia. Mhasibu wako hakukosea kusema kwamba anayenunua jengo jingine halipi, ila hilo ni kweli kwa anayenunua kwa bei ileile au zaidi. Tena pesa si lazima ziwe zilezile. Mtu anaweza kununua jengo la 450,000 kwa kukopa upya, na nafuu akaipata yote. Wewe una miaka 59. Kama una hamu ya mkopo mpya au huna, hilo ni lako na mkeo kulizungumza.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hii ambalo watu wengi hulifahamu wakiwa wameshachelewa. Pauni 170,000 za kwanza unazorudisha katika biashara hazikupi nafuu hata senti, kwa kuwa ni mtaji wako wa zamani unaorudi. Nafuu inaanza bei ya kununulia ikishavuka hapo. Anayeuza kwa 450,000 kisha akanunua kibanda cha 165,000 ameacha nje 285,000, na hizo zimeshaizidi faida yote, kwa hiyo analipa kana kwamba hakununua kitu.

Hapo ndipo ombi la mkeo linapogusa kodi, na nataka ulisome pole pole. Nafuu hii hupewa mtu aliyeuza, kwa kile alichonunua yeye mwenyewe. Jengo la zamani lilikuwa lako peke yako. Duka jipya mkiliandika nusu kwa nusu, wewe utahesabiwa umenunua la pauni 150,000, na nusu ya mkeo haiingii katika hesabu yako. Hizo 150,000 hazifiki hata zile 170,000 za mwanzo. Nafuu inakwisha yote na unarudi kwenye 66,480. Yaani jina la mkeo kwenye nusu ya hati linagharimu pauni 31,200 mwaka huo.

Nimeliandika waziwazi na bado sikuambii umnyime. Pesa hiyo si faini ya kosa lake. Inatokana na uamuzi uliofanywa mwaka 2004, alipoachwa nje ya hati ya kwanza. Kama angekuwamo tangu mwanzo kwa nusu yake, naye akiwa mshirika katika biashara, kila mmoja angeomba nafuu kwa fungu lake na tusingekuwa na mazungumzo haya. Jitahidi asilisikie jambo hili kama wewe na mhasibu mmepata hoja ya kumkatalia. Akiambiwa tu kwamba sheria haitaki, ataliweka kifuani pamoja na ile sahihi isiyohitajika.

Zipo njia za katikati. Sheria ya Uingereza inaruhusu watu wawili kumiliki jengo kwa mafungu yasiyo sawa. Mkeo akipewa sehemu moja ya kumi, wewe umenunua la 270,000, zitatozwa 180,000, na kodi ni 42,480, yaani 7,200 zaidi ya kuandika jina lako pekee. Hilo ni jambo mnaloweza kulipima mkiwa mezani na chai. Njia nyingine ni ununue kwa jina lako, duka lifanye kazi, na baadaye umhamishie fungu lake. Mke na mume wanaoishi pamoja wanapopeana mali, kodi ya faida haitozwi siku hiyo, na mkeo atalipokea fungu lake pamoja na sehemu ya faida ya zamani iliyomo. Ubaya wa njia hii si wa kodi. Ni kwamba unamwomba asubiri tena, na neno "baadaye" ameshalisikia. Ukiichagua, fikiria ni waraka gani utampa mkononi leo, wosia ulioandikwa kwa wakili kwa mfano, na umwambie wakili kwamba unaomba nafuu hii ili asiuandike kwa namna itakayomfanya mkeo mwenye fungu tangu siku ya kwanza.

Sasa godauni. Ndugu yako ana jambo la kweli, ingawa sijui kama analijua vizuri. Mali mpya si lazima iwe Uingereza. Jengo la Shimanzi linaweza kuhesabiwa, mradi ulinunue ungali mkaazi wa Uingereza kikodi na ulitumie katika biashara yako. Likiingia lote, umenunua kwa 420,000, zinabaki 30,000 nje, na kodi inashuka hadi 6,480. Ajabu ni kwamba ile hesabu yako ya kwanza ingetimia kwa godauni ambalo mkeo halitaki.

Lakini litazame alivyolipanga. Nusu ni ya bidhaa zake. Nusu hiyo haitumiki katika biashara yako, basi haihesabiwi. Hata akikulipa kodi ya pango haitakusaidia, kwa kuwa kupangisha jengo si biashara katika sheria hii. Zinabaki 60,000 za kuhesabiwa, kodi yako inakuwa 20,880 badala ya 35,280. Umeokoa 14,400 kwa kutoa 120,000 ambazo kwa kweli huna: ukishanunua duka la Leicester unabakiwa na 30,000, na kati ya hizo kodi yenyewe inangoja. Zilizobaki itabidi ukope. Mtu asinunue godauni kwa ajili ya kodi. Kama biashara ya kupakia viungo Mombasa ina maana hata pasipo nafuu, hapo ndipo nafuu inapokuja kuongeza.

Na hati kwa jina lake? Hapa moyo wangu unaingia wasiwasi zaidi kuliko pengine pote. Pasipo waraka wa kisheria unaosema yeye ameshika tu na mwenyewe ni wewe, utakuwa umempa ndugu yako pesa, naye ndiye aliyenunua. Hakuna nafuu katika zawadi. Tena sababu yake haina nguvu kama inavyosikika. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa lizi isiyozidi miaka 99. Na aliyekuwa raia wa kuzaliwa akapoteza uraia kwa kuchukua pasi ya nchi nyingine, katiba hiyohiyo inamruhusu kuomba kurudishiwa. Sisemi ndugu yako ana nia mbaya. Huenda anaamini kabisa kwamba huwezi kuandikishwa. Mweleze, kisha usikilize atakavyojibu.

Muulize pia lizi ya hilo godauni imebakisha miaka mingapi, maana mjini Mombasa ipo ardhi ya lizi, na lizi nyingine ni za zamani. Ikibaki miaka 60 au chini yake, sheria ya Uingereza inaihesabu kuwa mali inayochakaa. Faida haihamii ndani yake moja kwa moja, inaning'inizwa tu. Itadaiwa siku utakapoiuza, au utakapoacha kuitumia katika biashara, au ikitimia miaka 10 tangu uinunue, lolote litakalotangulia. Ukinunua mwaka 2026, mwisho wa kungoja ni 2036, nawe utakuwa na miaka kama 70. Kanuni ni hiyohiyo hata ukichukua lizi fupi ya duka hapo Leicester, au ukiweka chumba baridi kilichojengewa na mashine zake. Vitu hivyo vinakubalika, ila kwa kuning'iniza. Gari la kubebea mizigo halimo kabisa, wala bidhaa za kuuza.

Nimesema mara kadhaa kwamba faida inahamia, na sitaki neno hilo likupite. Haifutwi. Duka la 300,000 utalinunua kwa pesa hizo, lakini katika daftari la kodi litaandikwa 170,000, kwa kuwa 130,000 za faida ya zamani zimeingia ndani yake. Ukija kuliuza kwa 380,000 hutaonekana umepata faida ya 80,000. Utaonekana umepata 210,000. Nimewahi kukaa na wafanyabiashara waliosahau jambo hili kwa miaka, wakagawa pesa za mauzo kwa watoto, kisha bili ikaja. Bandika karatasi ndani ya jalada la hati, uandike tarakimu hiyo, na mkeo ajue iliko.

Kuahirisha kuna faida yake kwa mtu wa umri wako. Ukistaafu ukafunga biashara yote, kisha ukauza jengo ndani ya miaka 3, iko nafuu nyingine kwa anayeachia biashara yake, na kiwango chake kuanzia tarehe 6 Aprili 2026 ni asilimia 18 badala ya 24. Mauzo ya mwaka jana hayakuingia humo kwa sababu uliuza jengo na biashara ikaendelea. Na ikiwa utafariki ukiwa bado unalimiliki jengo, warithi wako watalipokea kwa thamani ya siku hiyo, na ile faida iliyohamishwa haitadaiwa tena. Viwango hubadilika kila serikali inapotangaza bajeti, kwa hiyo usijenge maisha juu ya 18 hiyo. Lakini mkeo anaposema mlipe mlale, haya ndiyo yaliyo upande wa pili wa mizani. Na upande wake una uzito wa kweli pia: anayelipa leo anajua anachodaiwa, na duka jipya linabaki na bei yake halisi daftarini. Atalala kweli.

Muda unao, na hilo huenda likapunguza joto nyumbani. Kinachohesabiwa ni tarehe ya mkataba, tarehe 12 Juni 2025. Mali mpya iwe imenunuliwa kati ya mwaka mmoja kabla na miaka 3 baada ya siku hiyo, basi mwisho wako ni Juni 2028. Mauzo yaandike katika fomu ya kodi inayotakiwa kufika HMRC, idara ya kodi ya Uingereza, kabla ya tarehe 31 Januari 2027. Kama siku hiyo utakuwa hujanunua, unaweza kutangaza humohumo kwamba unakusudia kununua, na kwa kiasi gani, na kodi ya kiasi hicho itasimama. Usiponunua kabisa, tangazo linakufa tarehe 31 Januari 2030 na kodi inadaiwa pamoja na riba tangu 2027. Ukishanunua, ombi lenyewe linajazwa katika fomu iliyo mwishoni mwa karatasi ya maelezo ya HMRC iitwayo HS290.

Ukishanunua, hakikisha duka linaanza kazi mara moja. Kama linahitaji matengenezo, yaanze mapema iwezekanavyo, na katikati usimpangishe mtu wala kumweka mtoto akae juu. Tunza risiti za mafundi. Jengo lililonunuliwa likakaa tupu mwaka mzima pasipo sababu ndilo mkaguzi analouliza kwanza.

Kaka yangu, sioni kwamba mkeo na ndugu yako wanakuvuta upande mmoja na mwingine kama unavyohisi. Mkeo anauliza kama yumo. Ndugu yako anauliza kama hujawasahau. Hayo ni maswali mawili tofauti, na pauni zile zile 330,000 hazilazimiki kuyajibu yote mawili. Ningependa kujua ulimjibu nini mkeo siku aliyokuambia kuhusu sahihi, maana hukuandika. Na ukiniandikia tena, niwekee na miaka iliyobaki kwenye lizi ya Shimanzi, na kama muuzaji wa duka la 300,000 yuko tayari kungoja mpaka mmeketi wote wawili na mhasibu, mkeo akiwa na karatasi yake mwenyewe ya hesabu mbele yake.